Mwenzangu na mimi kwa Kiingereza: lini uandike I, lini uandike me kwenye baruapepe ya kazi

Swali hili hunifikia karibu kila wiki. Kijana wa ofisi ameandika baruapepe kwa mnunuzi wa nje, ameisoma mara tatu, bado moyo haujatulia, ananitumia picha ya skrini kwa WhatsApp: "Dada, hapa niache 'me and my colleague' au niweke 'my colleague and I'?" Namjibu. Kesho yake mwingine kutoka Njombe au Mafinga anauliza lilelile, ila safari hii limehamia kwingine: "Na 'between you and I' je, iko sawa?"

Kazi yangu ni kushughulikia barua za Kiingereza katika ofisi ya wauzaji wa maparachichi hapa Tukuyu. Nimeona niandike jibu lote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili ukiwa na barua mbele yako uifuate na kuituma bila kumsubiri mtu.

Jibu la haraka ni hili. "My colleague and I" ni Kiingereza sahihi, na "my colleague and me" nayo ni Kiingereza sahihi. Kila moja ina mahali pake kwenye sentensi. Ila "between you and I" haina mahali kwenye barua ya kazi. Andika "between you and me".

## Kwa nini linatusumbua sisi

Kwa Kiswahili, "mimi" haibadiliki. Unasema "mimi na mhasibu tulikagua hati", na unasema "dereva alitusubiri mimi na mhasibu". Neno ni lilelile, iwe wewe ndiye uliyetenda au ndiye uliyetendewa. Kinachobadilika kiko ndani ya kitenzi. Kiingereza hakina kitu hicho ndani ya kitenzi, kwa hiyo hubadilisha neno lenyewe: mtenda ni "I", mtendwa ni "me".

Juu ya hapo kuna shule. Mtoto akisema "me and my friend went to the market", mwalimu anamsahihisha: sema "my friend and I". Mwalimu yuko sawa, maana katika sentensi ile wawili hao ndio walioenda. Lakini mtoto anaondoka na funzo jingine kabisa, kwamba "me" ni neno la ovyo na "and I" ndiyo adabu. Akiwa mtu mzima anaandika "thank you for inviting my colleague and I", akiamini ameandika Kiingereza cha juu. Nami niliandika hivyo miaka mingi kabla sijaelewa, na hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu waliokuwa wakisoma barua zangu ofisini walifundishwa kama mimi.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na barua iliyokwisha kuandikwa. Usihangaike na jambo hili wakati unaandika, utapoteza mtiririko wa ulichotaka kusema.

Ujue maneno mawili mawili haya. Upande wa mtenda ni I, he, she, we, they. Upande wa mtendwa ni me, him, her, us, them. "You" na "it" hazibadiliki, na ndiyo sababu "between you and I" hupita bila kushtua: nusu yake ya kwanza haina dalili yoyote.

Tatu, uwe umeamua unaandika kwa nafsi yako au kwa niaba ya ofisi. Hili nitalirudia kwenye hatua ya sita, maana lina uzito kuliko watu wanavyodhani.

## Hatua

1. Tafuta kila mahali ulipojitaja pamoja na mtu mwingine.

Kwenye kompyuta bonyeza `Ctrl + F`, andika `and I` bila kuacha nafasi baada ya I, maana ukiiacha utaikosa jozi inayofuatwa na koma au nukta. Utaletewa pia kila "and in" na "and it" iliyomo, hizo zipite tu. Kisha tafuta `and me`, halafu `me and`, na mwisho `myself`. Kwenye simu soma tu polepole, barua za kazi ni fupi. Weka alama kila unapokuta jozi, usirekebishe bado.

2. Mfunike mwenzako kwa kidole.

Hii ndiyo hatua inayomaliza kazi mara nyingi. Chukua sentensi yenye jozi, mfunike mwenzako pamoja na neno "and", kisha soma kilichobaki kana kwamba uko peke yako.

```
Please send the documents to the accountant and I.
```

Funika "the accountant and". Inabaki "Please send the documents to I". Hata aliyeishia kidato cha pili atasita hapo, kwa sababu amezoea "send to me". Basi jibu limepatikana:

```
Please send the documents to the accountant and me.
```

Sasa upande wa pili:

```
Me and the accountant checked the documents.
```

Ukimfunika mhasibu inabaki "Me checked the documents". Hapana. Ni "I checked", kwa hiyo "The accountant and I checked the documents".

Kuwepo kwa mwenzako hakubadilishi neno lako. Kama ungeandika "me" ukiwa peke yako, andika "me" hata mkiwa watano.

Onyo: watu wengine hukariri kanuni kwamba baada ya maneno kama for, to, with, from, before, after, between ni lazima "me". Kwa sehemu kubwa ni kweli, lakini "before" na "after" zitakuangusha. Linganisha:

```
Before my colleague and I load the truck, we will call you.
The truck arrived before my colleague and me.
```

Katika ya kwanza, mimi na mwenzangu ndio tunaopakia, kuna kitenzi "load" mbele yetu. Katika ya pili hakuna tunachofanya baada ya "before", gari limetutangulia tu. Kidole kingekuonyesha bila kanuni yoyote: "before I load the truck", "arrived before me". Ndiyo sababu nakuomba utumie kidole, usitegemee orodha ya kukariri.

Swali nalo huwababaisha wengi, maana mtenda anakaa nyuma ya kitenzi: "Could my colleague and I visit your office?" Funika: "Could I visit your office?" Ni "I", iache ilivyo.

3. Kidole kikishindwa, weka "we" au "us".

Kuna mahali kumfunika mwenzako kunaua sentensi. Mahali maarufu ni "between". Ukifunika "you and" kwenye "between you and I" inabaki "between I", na ukijaribu "between me" nayo haina maana, kwa sababu kitu hakiwezi kuwa kati ya mtu mmoja. Hapo ndipo watu hukata tamaa na kuchagua kwa bahati nasibu.

Badala ya kufunika, toa jozi yote na uweke neno moja la wingi. Jaribu "between we", kisha "between us". Ya pili unaifahamu, umeisikia mara nyingi. Ya kwanza hujawahi kuisikia. "Us" iko upande wa "me", kwa hiyo:

```
As agreed between you and me
```

"We" ikikubali, jibu ni "I". "Us" ikikubali, jibu ni "me". Ukiwa na haraka unaweza kulitumia jaribio hili peke yake kwenye barua nzima, maana linafanya kazi hata pale kidole kinapofanya kazi. Mimi huanza na kidole kwa sababu ni chepesi zaidi kwa macho.

4. Sikio likikataa kukusaidia, isikilize "tu" ya Kiswahili.

Wapo ambao Kiingereza hawakisikii vya kutosha. "Us" na "we" zote kwao zinapita. Kwa hao nina njia ya nyumbani. Iseme sentensi yako kwa Kiswahili, kisha angalia "tu" imekaa wapi kwenye kitenzi.

"Mimi na mhasibu tulikagua hati." Hapa "tu" iko mwanzoni mwa kitenzi. Sisi ndio watenda, kwa hiyo ni "The accountant and I checked the documents."

"Dereva alitusubiri mimi na mhasibu." Hapa "tu" imemezwa katikati. Anayetenda ni dereva, kwa hiyo ni "The driver waited for the accountant and me."

Mwanzoni, "I". Katikati, "me". Nimewafundisha hivi vijana wawili wa ghalani ambao walikuwa wakiogopa kabisa kuandika kwa Kiingereza, na waliipata siku hiyohiyo, kwa sababu "tulisubiri" na "alitusubiri" hakuna Mswahili anayezichanganya.

Ila njia hii ina mpaka wake, na lazima uujue. Kwa Kiswahili tunasema "mnunuzi anataka mimi na mhasibu tuende Mbeya". "Tu" iko mwanzoni, ungetarajia "I". Kumbe Kiingereza hakijengi sentensi hiyo kama sisi:

```
The buyer wants the accountant and me to come to Mbeya.
```

Waingereza husema "wants us to come". Vivyo hivyo kwa want, let, ask, allow na help: baada ya maneno hayo ni "me", hata kama Kiswahili chako kimeweka "tu" mbele. "Please let the accountant and me know" ni sahihi, ijapokuwa wengi wana mkono mwepesi wa kuandika "let the accountant and I know". Kwa hiyo njia ya "tu" ikupe jibu la kwanza, na "we" au "us" ithibitishe.

5. Mtangulize mwenzako, halafu uangalie kitenzi.

Mpangilio wa nani awe wa kwanza ni suala la adabu, halihusiani na "I" au "me". Kwa Kiswahili kuanza na "mimi na mwenzangu" hakuna ubaya wowote, ndivyo tunavyosema siku zote. Kwenye barua ya kazi ya Kiingereza unatarajiwa ujiweke mwisho: "the accountant and I", "the accountant and me". Ukiandika "send it to me and the accountant" hujavunja sarufi, umejitanguliza tu.

Hapa ndipo makosa mawili hujificha ndani ya moja. Katika "Me and the accountant checked", kuna mpangilio na kuna "me" mahali pa mtenda. Wengi hurekebisha mpangilio peke yake, wakaandika "The accountant and me checked", wakadhani wamemaliza. Geuza mpangilio, kisha rudia kidole.

Na kitenzi kiwe cha wingi. Mmekuwa wawili, kwa hiyo ni "the accountant and I are" na "the accountant and I were". Neno "I" likiwa karibu na kitenzi humvuta mtu aandike "am" au "was". Usikubali.

Nikiwa hapohapo: "a colleague and I" ni sarufi safi, lakini mnunuzi asiyewajua atabaki akijiuliza huyo "a colleague" ni nani. Taja jina lake au cheo chake. Atakuwa anajua pia nani wa kumjibu wewe usipokuwepo.

6. Kama ni "between", jiulize kama ndiyo uliyotaka.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu kosa la hapa halikupi aibu ya sarufi tu, linaweza kuharibu biashara.

"Between you and me" ina kazi mbili kwa Kiingereza. Ikiwa katikati ya sentensi na kutanguliwa na neno kama "agreement" au "agreed", inataja wahusika wa jambo. Ikianza sentensi na kufuatwa na koma, maana yake ni "hii iwe siri yetu wawili". Ni kama mtu anayesogea karibu na kukunong'oneza.

Msimu mmoja wa mavuno mwenzetu wa ghalani alimwandikia mnunuzi hivi:

```
Between you and I, the fruit from the upper farms is better.
```

Alitaka kusema "kama tulivyokubaliana mimi na wewe". Mnunuzi alijibu akiwa amewaweka wakubwa zake wawili kwenye nakala, akiuliza ni kwa nini ubora wa mzigo unatajwa kwa siri na kama kuna kitu anafichwa. Ilibidi tupige simu. Hakuna aliyetaja "I" na "me" kwenye mazungumzo yale. Kilichowashtua ni neno la siri kwenye barua ya mzigo. Alichopaswa kuandika ni hiki:

```
As we agreed, the fruit from the upper farms will be packed first.
```

Kwa hiyo usiianze sentensi ya barua ya kazi kwa "Between you and me" isipokuwa kweli unamwambia mtu siri, na siri haikai kwenye baruapepe inayoweza kutumwa kwa wengine kwa kubonyeza mara moja.

Na kama mkataba ni wa ofisi, si wako, acha "you and me" kabisa. Anayedaiwa ni ofisi. Andika "between your company and ours". Mhasibu wa upande wa pili akisoma "between you and me" kwenye barua ya malipo, ana haki ya kuuliza kama ni makubaliano ya binafsi.

## Barua moja, mwanzo hadi mwisho

Hii nimeitunga kwa makosa ninayoyaona kila mara.

```
Me and our quality officer will meet you at Songwe Airport
on Tuesday. The driver will take you and I to the packhouse.
Please send the documents to the accountant and I before
Monday. As agreed between you and I, payment is in two parts.
```

Kutafuta kunatupa jozi nne. Tuzichukue moja moja.

Ya kwanza, "Me and our quality officer will meet you". Funika afisa ubora: "Me will meet you". Haiwezekani, ni "I will meet you". Mtangulize mwenzako: "Our quality officer and I will meet you".

Ya pili, "The driver will take you and I". Funika "you and": "will take I". Ni "will take me", basi "will take you and me". Kiswahili nacho kinakubali: dereva atatupeleka, "tu" iko katikati. Lakini isome tena kama mgeni atakavyoisoma. Tumekuja wawili kumpokea uwanjani, sasa dereva anawachukua wawili tu, afisa ubora ameachwa Songwe? Sarufi imekaa sawa, habari haijakaa sawa. Hapa "all of us" ni bora, na tatizo la "I" na "me" linaondoka lenyewe.

Ya tatu, "to the accountant and I". Tumeshaiona juu: "to the accountant and me".

Ya nne, "between you and I". Jaribu "between us". Ni "me". Kisha hatua ya sita: malipo ni ya nani? Ni ya ofisi kwa ofisi. Tunaandika kampuni.

Barua inakuwa hivi:

```
Our quality officer and I will meet you at Songwe Airport
on Tuesday. The driver will take all of us to the packhouse.
Please send the documents to the accountant and me before
Monday. As agreed between your company and ours, payment is
in two parts.
```

Angalia kwamba kati ya jozi nne, mbili tu ndizo zilizobaki na "I" au "me". Nyingine mbili zilikuwa zinaomba neno jingine tangu mwanzo.

## Makosa mawili yanayojificha

Kukimbilia "myself". Mtu akishindwa kuchagua kati ya "I" na "me", anaona "myself" ni salama: "Please contact myself or the accountant." Si salama. "Myself" inahitaji "I" iliyotangulia ndani ya sentensi hiyohiyo, kama "I checked the boxes myself". Hakuna "I" kwenye "Please contact myself", kwa hiyo ni "Please contact me or the accountant". Kidole kinaonyesha: usingemwambia mtu "contact myself" ukiwa peke yako.

"We with my colleague". Hili ni letu kabisa, limetoka moja kwa moja kwenye Kiswahili. Kwetu "tulikwenda na mhasibu" inaweza kumaanisha mimi na yeye, watu wawili. Mtu anaandika "We went with the accountant" au "We with the accountant visited the farms". Ya pili si Kiingereza. Ya kwanza ni Kiingereza, ila msomaji atahesabu watatu au zaidi: "we" ni angalau wawili, na mhasibu ameongezwa juu yao. Kama mnunuzi anapanga chumba cha kikao au tiketi, hesabu hiyo ina maana. Mkiwa wawili, andika "The accountant and I visited the farms".

## Ukikwama

*Kompyuta haikupiga mstari mwekundu, si ina maana iko sawa?* Hapana. Ukaguzi wa tahajia huangalia maneno, na "I" na "me" yote ni maneno yaliyoandikwa vizuri. Programu nyingine hukagua sarufi na kulikamata kosa hili, nyingine hulipita. Kidole hakibadiliki kwa programu.

*Bosi ameirudisha kuwa "and I".* Hutokea sana, na mara nyingi bosi ana nia njema, anataka barua iwe na heshima. Usibishane kwa kanuni. Mwonyeshe sentensi akiwa ameondolewa mwenzake: "Mzee, tungeandika 'send it to I'?" Kama hali hairuhusu kumuuliza hivyo, badilisha jozi kuwa "us": "Please send the documents to us." Yeye ameridhika, na barua iko sahihi.

*Mnunuzi mwenyewe ni Mwingereza na ameandika "me and my wife are coming".* Ndiyo. Katika mazungumzo Waingereza wengi husema hivyo, na wapo waliosoma sana wanaosema na kuandika "between you and I". Imekuwa ikiandikwa kwa zaidi ya miaka 400. Yeye anaandika kama anayeongea na rafiki. Usimsahihishe, na usiige. Wewe barua yako inaweza kusomwa na watu usiowajua, na wengi wao bado wanayaona hayo kuwa ni makosa, wakati hakuna atakayekulaumu kwa "the accountant and I will come" wala "between you and me".

*Nimeshaituma ikiwa na kosa.* Iache. Usitume barua ya pili ya kusahihisha "I" kuwa "me", utamfanya mtu atafute kosa ambalo pengine hakuliona. Tofauti ni ile "between" ya mwanzo wa sentensi: kama uliandika jambo la mzigo au bei na likasomeka kama siri, andika leoleo ueleze ulimaanisha makubaliano.

*Tuko watatu.* Kidole kinafunika wote waliobaki. "The driver, the accountant and I will come", "Please call the driver, the accountant or me." Ukiona orodha inarefuka, taja mara moja, kisha tumia "we" na "us" kwenye barua iliyobaki.

*Ripoti ni yangu na ya mhasibu, niandikeje?* "Me and the accountant's report" si sahihi, na "the accountant and I's report" nayo si sahihi. Iliyo sahihi ni "the accountant's and my report", ambayo wengi wataiona nzito mdomoni. Mimi huandika "our report", na kama ni lazima waandishi wajulikane, "the report that the accountant and I prepared". Kidole: "the report that I prepared".